Bei imegoma kwenye 2,300: geukia gari na siku ya malipo

*Kaka, habari za kazi. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Igurusi, nauza mchele wa mifuko ya kilo 25 kwa mwenye maduka manne Mbeya mjini. Anachukua tani 8 kwa mwezi kwa shilingi 2,300 kilo. Nimemwomba 2,400 mara tatu, anasema bei ni hiyo hiyo. Hulipa baada ya siku 45, na mzigo napeleka kila akipiga simu, mara nyingi mifuko 20 kwa kirikuu ya 50,000. Mchele ukishaingia kwenye mfuko umenigharimu 2,100, na mtaji ni wa mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi. Kenta ya tani 4 wanataka 160,000. Nimwache, au niendelee kumbana?*

Nzuri, dada. Usimwache kwanza, na kwenye bei achana naye. Umeniandikia kila kitu ninachohitaji, hata kuliko wengi wanaouza mara kumi ya mzigo wako, kwa hiyo tupige hesabu pamoja kabla sijakwambia la kusema.

Ukitoa 2,100 kwenye 2,300 unabaki na 200 kwa kilo. Hiyo ndiyo faida unayoiona kichwani. Sasa kirikuu inabeba mifuko 20, yaani kilo 500, kwa 50,000. Hapo ni shilingi 100 kwa kila kilo. Nusu ya faida imebaki barabarani kati ya Igurusi na mjini. Halafu kuna siku 45. Shilingi 2,100 uliyoizika kwenye kilo moja inalipiwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi mmoja na nusu, ambayo ni shilingi 94 na nusu. Toa 100, toa 94.50, umebakiwa na shilingi 5 na senti 50 kwa kilo. Kwa tani 8 ni 44,000 kwa mwezi. Makuli wanaokupakilia mifuko wanakuzidi.

Na kama angekukubalia ile 2,400? Ungepata 105.50 kwa kilo, karibu 844,000 kwa mwezi. Si haba. Ndiyo maana umeing'ang'ania. Lakini kumbuka hiyo namba, kwa sababu nitakuonyesha njia ya kuipita bila yeye kuongeza hata shilingi moja kwenye kilo.

Niliwahi kukaa upande wake wa meza. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nanunua vyakula vya maduka hapa hapa Mbeya kabla sijaanza biashara yangu ya maharage, na najua kwa nini jamaa anashupaa. Bei ya mchele ni namba inayotembea. Akikupa wewe 2,400 leo, kesho kutwa dereva wa Kenta ameshamwambia mwenye mashine wa pili pale Igurusi, na Jumatatu wauzaji wake wote watatu au wanne wako mlangoni. Shilingi 100 anayokupa wewe anaihesabu kama shilingi 100 anayowapa wote. Isitoshe, bei ya rejareja ameshaibandika dukani na jirani yake anaiona. Lakini hakuna mtu sokoni Mwanjelwa anayeulizana mzigo unakuja mara ngapi kwa mwezi, au fulani analipwa baada ya siku ngapi. Huko ana nafasi ya kusogea bila mtu kumwona. Wewe mara zote tatu umegonga mlango aliouweka kufuli.

Kwa hiyo tuanze na gari, maana ndilo jepesi. Tani 8 kwa mwezi ni mifuko 320, yaani Kenta mbili zilizojaa, mifuko 160 kila moja. Kenta ya 160,000 ikibeba kilo 4,000, usafiri ni shilingi 40 kwa kilo badala ya 100. Umeokoa 60 hapo hapo. Mteja hapotezi fedha, anachopoteza ni nafasi ya kuweka mifuko na uhuru wa kupiga simu usiku akitaka mifuko 20 asubuhi. Nafasi ni jambo la kweli, usilidharau. Muulize lipi kati ya maduka yake manne lina stoo, na Kenta ishushe hapo tu, mahali pamoja. Ukikubali kuzungusha Kenta kwenye maduka manne, dereva atakuongezea bei, na ile 60 utaiona ikirudi kulekule. Kutoka kwenye stoo yake kwenda maduka mengine atagawa mwenyewe kwa bajaji au guta, na makuli wa kushusha wawe wake.

Tarehe nazo zina maana. Mimi ningependekeza tarehe 10 na tarehe 25. Kenta ya 25 inamkuta karibu na mishahara, na hakuna kitu kinachomtia hofu mwenye duka kama kuishiwa mchele wiki ambayo watu wana fedha. Nakumbuka nilivyokuwa nalala vibaya wiki hiyo. Bei sikuwa nikiiwaza hata kidogo.

Hofu hiyo ndiyo itakayokulipia mengine. Mwahidi safari moja ya dharura kila mwezi: akiishiwa katikati, akipiga simu leo, kesho mifuko 20 ipo kwa gharama yako. Safari ya pili ndani ya mwezi huohuo analipia kirikuu yeye. Kwako hiyo safari ni 50,000, na ukiigawa kwa kilo 8,000 ni kama shilingi 6. Kwake ni usingizi. Tafuta vitu vya namna hiyo, vyepesi mkononi mwako na vizito mkononi mwake, ndivyo vya kubadilishana. Kinyume chake kiogope: usimpe kitu kinachokugharimu 50 kwa kilo ambacho yeye angekichukua tu kwa sababu ni cha bure. Kumpaki mchele wake kwenye mifuko ya kilo 5, kwa mfano. Anaweza kukuomba hilo kana kwamba ni jambo dogo. Vifungashio, mikono na muda wa kupima vitakula zaidi ya ulichookoa kwenye gari.

Sasa siku za malipo. Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuomba vibaya.

Ukimwambia "nilipe baada ya siku 15 badala ya 45" atasikia mtu anayelia njaa, na atakujibu kama alivyokujibu kwenye bei. Hata akikubali, siku 15 zitakuwa 20, kisha 32, na wewe utakuwa mtu wa kupiga simu. Siku hazijilindi zenyewe. Ila sasa una Kenta mbili kwa mwezi, na kati ya Kenta na Kenta kuna siku 15 hivi. Basi malipo yafunge kwenye gari: *mzigo uliopita unalipwa kabla mzigo unaofuata haujatoka.* Hakuna haja ya kutaja siku wala kupiga simu za kumkumbusha. Anayetaka mchele wa tarehe 25 anamaliza wa tarehe 10. Riba yako inashuka kutoka 94.50 hadi 31.50, umeokoa 63.

Zingatia neno *haujatoka*. Sikusema "ukifika". Hilo nililipia ada yangu mwenyewe. Msimu mmoja nilikubaliana na mnunuzi mmoja wa mjini kwamba maharage ya kwanza atayalipa nikishusha ya pili. Kenta ikafika saa kumi jioni, mwenye duka "amekwenda Tunduma, kesho anarudi". Dereva anataka fedha yake, maturubai yamefungwa, mvua inatishia, na kijana wa dukani ananiambia kwa upole, "shusha tu, mzee, bosi si mtu wa matatizo." Nilishusha. Kuanzia hapo alinidai subira mara mbili badala ya moja. Gari likiwa limeshafika mlangoni kwa mnunuzi, nguvu yote iko kwake, kwa sababu kurudi na mzigo Igurusi ni hasara ya safari mbili. Gari likiwa bado kwenye mashine yako, nguvu ni yako, na mchele haujapungua hata punje. Kwa hiyo fedha ionekane kwenye akaunti asubuhi, mifuko ipakiwe mchana.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye shilingi kwa kilo. Leo, kwa siku 45, jamaa anashikilia tani 12 za mchele wako. Kwa bei ya 2,300 ni milioni 27.6. Akifunga maduka usiku mmoja, hiyo ndiyo inayopotea, na mkopo unabaki na jina lako. Ukienda kwa Kenta moja moja, ukiacha ile mifuko 20 ya dharura, hawezi kushikilia zaidi ya tani 4 zako, milioni 9.2. Mimi ningebadilisha utaratibu kwa sababu hiyo peke yake, hata riba ingekuwa sifuri.

Hata hivyo usidhani unamwomba kitu kidogo. Anauza mchele wako kwa fedha taslimu, tuseme ndani ya wiki moja au mbili, na siku zilizobaki mpaka 45 fedha yako inamnunulia sukari na mafuta. Ukimshusha hadi Kenta moja, inabidi atafute milioni 18.4 za kujaza pengo. Ukimtaka azitoe mwezi huu, atakataa, na atakuwa na haki. Mpe ngazi. Kila Kenta inayokuja alipe mzigo mmoja wa milioni 9.2 kama kawaida, na juu yake milioni 4.6 za kupunguza deni la zamani. Jumla ni milioni 13.8 kila safari. Deni la milioni 27.6 litashuka kwa 4.6 kila mara, na baada ya Kenta nne, yaani miezi miwili, limebaki 9.2. Ukimwekea hesabu hiyo kwenye karatasi, anaona mwisho wake. Mtu huogopa zaidi deni lisilo na ngazi.

Jumlisha sasa. Gari limekupa 60, malipo yamekupa 63, dharura imekula 6. Faida yako kwa kilo imetoka shilingi 5 na nusu hadi 122, karibu 978,000 kwa mwezi kwa tani zilezile 8 na bei ileile 2,300. Umeipita ile 844,000 ya bei uliyoililia.

Jinsi ya kulisema nalo lina mahali pake. Usiende na ombi la gari leo, la malipo wiki ijayo. Ukiomba moja moja, kila moja linaonekana kama usumbufu mpya, naye atachukua lililo jepesi na kulikataa zito. Yaende pamoja, na yawe na masharti ya pande zote mbili. Tena ningekushauri uende na njia mbili, zote ziwe sawa kwako, umwachie achague. Maneno yawe kama haya:

"Mzee, bei yako nimeielewa, sitairudia. Nina namna mbili za kuendelea. Ya kwanza, 2,300 inabaki, mchele unakuja kwa Kenta tarehe 10 na 25 pale kwenye stoo yako, mzigo uliopita unalipwa kabla unaofuata haujatoka, na ukiishiwa katikati nakuletea mifuko 20 kwa gharama yangu mara moja kwa mwezi. Ya pili, tuendelee kama sasa, kirikuu ukipiga simu na siku 45, ila mchele ni 2,420. Kwangu zote ni sawa, chagua inayokufaa."

Hiyo 2,420 si ya kutisha. Ni 2,300 pamoja na zile 117 ambazo utaratibu wa sasa unakula, nimezungusha kidogo. Uijue kwa moyo, maana anaweza kukuuliza umeitoa wapi, na muuzaji anayeweza kuonyesha hesabu yake hupewa heshima nyingine kabisa. Ukishaisema, nyamaza. Kimya cha wanunuzi wa huku ni kirefu, hasa akishaagiza chai, na wauzaji wengi hukijaza kwa kujipunguzia wenyewe.

Atakachofanya mara nyingi ni kuchagua nusu. "Kenta sawa, lakini malipo tuache kama zamani." Hapo usikubali wala usikasirike, mjibu kwa mtindo uleule: Kenta na siku 45 ni 2,360, bila safari ya dharura. Au ashuke mpaka mizigo miwili badala ya mmoja, yaani siku 30 hivi. Hiyo ingekuokolea 31.50 badala ya 63, na ukichanganya na gari unabaki na shilingi 97 kwa kilo ukiondoa dharura, 90 na ushee ukiiweka. Mimi ningeikubali kwa kuanzia, mradi kanuni ya "kabla haujatoka" isiguswe. Idadi ya mizigo anayoshikilia inaweza kupungua baadaye. Kanuni ukiiachia siku ya kwanza, huirudishi.

Atajaribu pia kukulipa kwa ahadi ya wingi. "Nipunguzie, nitakuongezea mzigo mpaka tani 12." Maneno haya nimeyasema mwenyewe kwa wauzaji zaidi ya mara moja, na sikuwa mwongo, nilikuwa na matumaini tu. Wingi ni sharti zuri kwako endapo tu unakuja ukiwa umejaza gari na umelipwa kwa mtindo uleule. Tani 4 za nyongeza zikija kwa kirikuu nane za kubahatisha na kwa siku 45, unachoongeza ni deni. Kwa faida ya shilingi 5 na nusu, kuongeza tani ni kuongeza kazi. Mwambie hivi: Kenta ya tatu ikishatoka miezi mitatu mfululizo na kulipwa kwa utaratibu, kuanzia mwezi wa nne tutazungumza punguzo la shilingi 10 kwa Kenta hiyo ya tatu. Punguzo lifuate mzigo ulioonekana, lisitangulie.

Yaandikwe. Karatasi moja inatosha: bei, uzito wa mfuko, tarehe za Kenta, mahali pa kushusha, kanuni ya malipo, dharura, na ndani ya siku ngapi anaweza kurudisha mfuko akidai una chenga nyingi au mawe. Siku 2 baada ya kushusha zinatosha. Nje ya hapo mfuko umeshakaa kwenye stoo yake na hujui umelowana wapi. Sahihi zenu wawili na mhuri wa duka. Kila Kenta iende na hati ya kupokea mzigo, na anayepokea aandike idadi na jina lake, kwa sababu "kijana alihesabu 156" ni ugomvi unaokuja siku ya kulipa, si siku ya kushusha.

Jinsi ya kujua mapema kwamba utaratibu unalegea: atakapokuletea nusu. "Leo chukua milioni 5, zilizobaki Jumamosi, gari litoke tu." Mara ya kwanza pakia mifuko ya thamani ya fedha iliyoingia, usizidishe. Milioni 5 kwa 2,300 ni kama mifuko 86, ambayo haijazi Kenta, kwa hiyo tofauti ya usafiri iwe yake. Akiikubali kwa moyo mmoja, alikuwa na wiki mbaya tu. Akigoma kulipa hata hiyo tofauti na kutaka mifuko yote 160, usipakie, na anza kutafuta mnunuzi wa pili kimyakimya, Makambako au Iringa, kabla deni halijarudi kwenye tani 12.

Jambo la mwisho ni muda wa hiyo 2,300. Anaweza kukuomba uishikilie mpaka mavuno yajayo, na utajisikia kukubali kwa sababu amekusikiliza kwa mengine. Mashine kama yako, ikitoa karibu kilo 65 za mchele kwa kila kilo 100 za mpunga, kilo moja ya mchele inakula kilo moja na nusu na ushee ya mpunga. Mpunga ukipanda shilingi 80 tu kwa kilo, mchele wako unapanda 123, na ile 122 yote tuliyoitafuta hapa imekwisha. Mshikilie bei kwa mpunga ulioko stoo kwako tu. Nenda ukahesabu magunia kabla ya kukutana naye: kwa Kenta mbili kwa mwezi unahitaji kama tani 12 na robo za mpunga kila mwezi, na idadi ya miezi utakayoipata kwenye hesabu hiyo ndiyo uiandike kwenye karatasi.